Chupa moja yenye mimea miwili, na dada anayemeza tamoksifeni

Dada aliniwekea chupa mezani akasema, "Mdogo wangu, hebu nisomee haya maandishi ya nyuma, ni madogo mno." Huku anajipepea na bahasha, shingo yote imelowa, na wala hapakuwa na joto humo ndani. Mimi nilikuwa nimevaa sweta.

Nikamsomea. Blaki kohoshi, dondoo la mzizi, miligramu 40. Redi klova, isoflavoni miligramu 80. Kwa ajili ya joto la ghafla la kukoma hedhi. Na chini kabisa kwa herufi za kijani: asilia, haina homoni.

"Haina homoni," akarudia. "Si ndo ninayoitaka? Daktari alisema homoni marufuku kwangu."

Dada aliwahi kuugua kansa ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akapigwa mionzi, na sasa anameza tamoksifeni miligramu 20 kila siku. Ripoti yake ya maabara ilisema uvimbe una vipokezi vya estrojeni, yaani ile kansa ilikuwa inakula estrojeni ndo inakua.

Nikamwambia asubiri kwanza. Hakupenda.

Wiki kadhaa yale maneno matatu hayakunitoka, "asilia, haina homoni", kwa sababu kwenye ile chupa kulikuwa na mimea miwili tofauti kabisa na watu wengi (na mimi pia) tunaitaja kwa pumzi moja kama pacha. Kumbe kila mmoja una swali lake. Klova inakuuliza kuhusu titi, kohoshi inakuuliza kuhusu ini.

Tuanze na klova

Redi klova ni jani la malisho, lina maua ya zambarau iliyoingia pinki, kitaalamu Trifolium pratense. Wakulima waliijua jamii yake kwa ubaya kabla hata wenye maduka ya saplimenti hawajaijua kwa uzuri. Miaka ya 1940 huko Australia Magharibi kondoo waliolishwa aina ya klova inayotambaa chini walianza kukosa kushika mimba, kundi baada ya kundi, na wachunguzi wakaja kugundua kwamba lile jani lina kitu ambacho tumboni mwa kondoo kinageuka kuwa kama estrojeni. Kitu hicho kinaitwa formononetini, ni mojawapo ya zile isoflavoni za kwenye lebo. Kimo pia kwenye redi klova, pamoja na mwenzake biokanini A.

Sasa sisi si kondoo, na hili nalisema kwa uzito wake. Kondoo alikuwa anakula klova asubuhi mpaka jioni, na tumbo lake linatengeneza ile sumu ya uzazi kwa wingi mno. Kwa binadamu formononetini inageuka daidzeini, biokanini A inageuka jenisteini, na nguvu yake ni ndogo sana ukilinganisha na estrojeni ya mwili wenyewe. Kuna watu bakteria wa matumbo yao wanaisukuma daidzeini mbele zaidi kuwa ekwoli, kuna wengine hawana bakteria hao kabisa, ndo maana watu wawili wakimeza kidonge kilekile miili yao haipati kitu kilekile.

Lakini udhaifu wa nguvu haumaanishi hakuna nguvu.

Ukisema "haina homoni" unasema kweli kwa maana ya kwamba hamna estrojeni iliyotiwa ndani ya kile kidonge. Ila jenisteini ni ufunguo unaoingia kwenye kufuli ya estrojeni na kuzungusha kidogo. Na tamoksifeni kazi yake kwenye titi ni kukaa ndani ya kufuli hiyohiyo ili ufunguo wowote usizunguke.

Hapo ndo nilipoanza kupata wasiwasi wa kweli. Maabara, seli za kansa ya titi zenye vipokezi vya estrojeni zikipewa jenisteini kidogo zinaongezeka. Panya waliopandikizwa uvimbe wa namna hiyo, wakapewa tamoksifeni ikawa inauzuia vizuri, walipoongezewa jenisteini kwenye chakula ile dawa ikapungua makali. Ni panya, sio dada yangu, na hakuna utafiti wa kuonyesha kwamba wanawake waliomeza klova kansa yao ilirudi kwa sababu hiyo. Tena kuna wanawake wenye historia ya kansa ya titi kwenye familia waliopewa isoflavoni za klova miligramu 40 kwa siku kwa miaka 3 na uzito wa nyama ya titi kwenye picha haukupanda tofauti na wale wa kidonge kitupu.

Hiyo ya mwisho ilinipa moyo kwa jioni moja hivi. Halafu nikasoma tena nikaona, wale hawakuwa wagonjwa wa kansa. Hawakuwa wanategemea tamoksifeni. Dada anaitegemea.

Na mtu asichanganye hapa na soya ya kwenye sahani. Kula soya kama chakula kwa aliyepona kansa ya titi tafiti nyingi hazijaonyesha madhara. Kidonge ni dondoo lililokolezwa, halafu unalimeza kila siku, huo ni mzigo mwingine.

Namba iliyonigeuza

Mpaka hapo bado nilikuwa katikati. Maana hatari yenyewe haijathibitishwa, na dada halali usiku, anaamka shuka limelowa, anabadilisha nguo, anajilaza, dakika arobaini tena. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "kuna panya fulani" atakuangalia tu. Kama kile kidonge kingekuwa kinamaliza joto kweli, pangekuwa na cha kupima, huku kuna faida hii na huku kuna wasiwasi ule.

Nikaenda kutafuta faida.

Mwaka 2003 ulitoka utafiti wa Marekani wa wanawake 252 waliokuwa wanapata joto la ghafla si chini ya mara 35 kwa wiki. Wakagawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Kundi moja klova yenye isoflavoni miligramu 82 kwa siku, la pili klova ya aina nyingine miligramu 57, la tatu kidonge kitupu kisicho na chochote. Wiki 12. Hakuna aliyejua anameza kipi.

Kundi la kwanza joto likapungua kwa asilimia 41. La pili 34.

La kidonge kitupu, 36.

Nilikaa na hizo namba muda mrefu kwa sababu zinaeleza kitu ambacho kilikuwa kinanitatiza siku zote, kwamba kila mtu ana jirani au shoga yake aliyepona na hizi dawa na hao watu hawasemi uongo. Wamepungukiwa kweli. Zaidi ya theluthi nzima ya joto inaondoka hata kama ndani ya kidonge hakuna kitu, kwa sababu joto lenyewe hupanda na kushuka, na mtu huanza dawa wakati limemzidi, na matumaini nayo yana kazi yake mwilini. Kwa hiyo ukimuuliza jirani "ilikusaidia?" atakwambia ndiyo. Swali ambalo jirani hawezi kulijibu ni kama ingemsaidia vilevile bila klova.

Nikamwonyesha dada. Akanijibu jibu ambalo mpaka leo naona lina haki: "Sasa kama kidonge kitupu kinanipunguzia theluthi, mimi naitaka hiyo theluthi. Shida iko wapi?"

Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuugua, kwa kweli sina hoja kubwa ya kumpinga, hasa kwa klova peke yake ambayo haina sifa ya kuumiza ini. Ila dada anaipata hiyo theluthi kwa kumeza kitu kinachogombania kufuli moja na dawa yake ya kansa. Na ile chupa haikuwa na klova peke yake.

Kohoshi na ini

Blaki kohoshi ni mmea wa misitu ya mashariki mwa Amerika Kaskazini, kinachotumika ni mzizi. Kwenye lebo unaweza kukuta Actaea racemosa au jina la zamani Cimicifuga racemosa, ni kitu kimoja. Ujerumani imeuzwa kama dawa ya kukoma hedhi tangu miaka ya 1950.

Zamani ilidhaniwa nayo ni estrojeni ya mimea. Siku hizi wengi hawaamini hivyo, inaonekana inagusa zaidi njia za ubongo zile za serotonini. Kwa hiyo kwa upande wa titi ina wasiwasi mdogo kuliko klova, ingawa sio sifuri. Kuna panya wa maabara walioumbwa kupata kansa ya titi, walipopewa kohoshi uvimbe haukuongezeka ila kusambaa kwenye mapafu kuliongezeka. Miongozo ya Ulaya kwa bidhaa hizi inasema aliyetibiwa au anayetibiwa kansa ya titi, au uvimbe mwingine unaotegemea homoni, asiitumie bila ushauri wa daktari.

Faida yake? Inategemea umesoma wapi. Zipo tafiti za dondoo la Kijerumani zilizoona nafuu. Lakini mwaka 2006 ulitoka utafiti wa wanawake 351 waliofuatiliwa mwaka mzima, kohoshi miligramu 160 kwa siku, haikukishinda kidonge kitupu. Na wale wanaofanana na dada, wanawake 85 waliotibiwa kansa ya titi, wengi wao wakiwa kwenye tamoksifeni, utafiti wa mwaka 2001, miezi miwili: joto lilipungua pande zote mbili sawasawa, tofauti ikaonekana kwenye kutokwa jasho tu.

Sasa ini.

Kuanzia 2006 mamlaka za dawa za Australia na Uingereza zilitaka chupa za kohoshi ziandikwe onyo la ini. Sababu ni ripoti za wanawake kutoka nchi mbalimbali waliopata homa ya ini baada ya kuitumia, wengi wakapona walipoacha, wachache ini likafa ikabidi wapandikizwe jingine. Ni wachache mno ukilinganisha na mamilioni waliomeza. Na hakuna anayejua kwa uhakika kama ni mzizi wenyewe au ni udanganyifu, maana bidhaa zilipopimwa baadhi zilikutwa na mimea ya Asia ya ukoo huohuo badala ya kohoshi halisi. Kwa mmezaji hilo halibadilishi sana, kwa sababu lebo inasema kohoshi vyovyote iwavyo na wewe huna maabara jikoni.

Kinachotisha ni kwamba haifuati dozi. Sio kwamba ukimeza kidogo uko salama. Mtu mmoja anakunywa miaka, hana neno, mwingine wiki ya sita anaanza kuchoka.

Na huo uchovu ndo mtego. Mara nyingi inajitokeza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, inaanza kimyakimya, mwili mzito, chakula hakina ladha, kichefuchefu kidogo. Mwanamke wa umri ule anayekosa usingizi na anayemeza tamoksifeni, akichoka atasema nini? Atasema ni umri. Atasema ni dawa. Akija kushtuka mkojo umekuwa kama chai ya rangi, weupe wa macho umeingia njano, ngozi inawasha bila upele, na kuna maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia.

Mkojo mweusi unatangulia macho ya njano mara nyingi. Ukiuona, unaacha kidonge siku hiyohiyo na unakwenda kupima damu, husubiri Jumatatu.

Karatasi ya maabara

Tulikwenda kwa daktari wake na chupa yenyewe mkononi. Hili la kubeba chupa nalisisitiza, maana ukisema tu "natumia dawa za mitishamba" daktari hana cha kuandika. Akasoma lebo yote, akauliza kama ameshaanza (hajaanza), akaagiza kipimo cha ini kabla ya mazungumzo mengine yoyote.

ALT ya dada, kimeng'enya kinachovuja kuingia kwenye damu ini likiumia, ikarudi iko juu kidogo ya kiwango. Sio ya kutisha, haikufika hata mara mbili. Bilirubini, ile rangi inayofanya macho kuwa ya njano, iko sawa. Akafanyiwa altrasaundi, ini lina mafuta.

Nilishangaa, dada sio mnywaji wala sio mnene. Daktari akaeleza kwamba tamoksifeni yenyewe inaweza kujaza mafuta kwenye ini, wanawake wengi wanayo hali hiyo na hawajui, kwa kawaida inafuatiliwa tu na dawa inaendelea kwa sababu kazi inayofanya ni kubwa kuliko hayo mafuta.

Hebu fikiria sasa dada angeanza ile chupa kimyakimya. Miezi miwili baadaye kwenye vipimo vyake vya kawaida ALT inakutwa juu. Nani ana kosa? Kama daktari hajui habari za kohoshi, macho yote yanakwenda kwenye tamoksifeni. Anaweza kuisimamisha. Yaani dawa iliyothibitishwa kuzuia kansa isirudi inaondolewa kwa ajili ya kosa ambalo huenda ni la kidonge ambacho hakijamsaidia lolote. Na kama anajua, bado hawezi kutenganisha, kwa sababu hakuna kipimo cha kabla.

Hapo dada ndo alinyamaza. Habari za panya hazikumgusa, asilimia hazikumgusa, ila wazo la kusimamishiwa tamoksifeni lilimgusa.

Mtu akiniuliza leo nini hasa kilichonifanya niwe upande wa "hapana" kwa mtu mwenye historia hii, ni hilo, kuliko hata hatari ya ini kufa ambayo ni ndogo. Ile chupa inachafua maji. Inafanya dalili zisisomeke.

Na joto je?

Hili ndo linalosahaulika. Ukimnyang'anya mtu chupa bila kumpa kitu umemwacha palepale na shuka limelowa, na wapo wanaochoka wakaanza kuruka tamoksifeni wenyewe, leo nimesahau, kesho nitameza, bila kumwambia yeyote. Hiyo naiogopa kuliko klova na kohoshi zikiunganishwa.

Homoni za kawaida za kukoma hedhi kwake hapana kweli. Utafiti wa Sweden wa kuwapa homoni wanawake waliopona kansa ya titi ulisimamishwa mwaka 2003 kwa sababu kansa ilikuwa inarudi zaidi kwa waliopewa.

Daktari akaanza na swali la lini joto linamsumbua zaidi. Usiku, akasema dada. Basi gabapentini, miligramu 300 wakati wa kulala, ambayo asili yake ni dawa ya kifafa na maumivu ya neva lakini imejaribiwa kwa joto hili na inakishinda kidonge kitupu, tena inaleta usingizi, ambao kwa anayeamka usiku ni faida. Akaonywa kizunguzungu asubuhi za mwanzo, asisimame ghafla. Angekuwa anasumbuliwa mchana angeanza na venlafaksini, dawa ya sonona, kwa dozi ndogo. Na akatuonya jambo ambalo sikulijua: zipo dawa nyingine za sonona zinazopunguza joto lakini hazipatani na tamoksifeni, paroksetini na fluoksetini, kwa sababu zinafunga kimeng'enya ambacho ini linakitumia kuigeuza tamoksifeni iwe na nguvu. Paroksetini hasa watu hupewa kwa ajili ya joto hilihili. Ukiandikiwa na daktari mwingine mtajie tamoksifeni kabla hajamaliza kuandika.

Nikauliza kuhusu zile dawa mpya zinazogusa ubongo moja kwa moja pale kwenye kidhibiti cha joto. Fezolinetanti iliruhusiwa Marekani 2023, na mwishoni mwa 2024 ikaongezewa onyo zito kabisa, la nini? La ini. Inatakiwa kupima ini kabla ya kuanza, halafu kila mwezi kwa miezi 3, halafu mwezi wa 6 na wa 9. Kwa ini la dada akasema sio kwa sasa.

Nilichokiona hapo ni tofauti ya aina mbili za hatari. Dawa inakuja na ratiba ya kupima. Chupa ya herufi za kijani ilikuja na neno "asilia".

Kama umeshaanza kumeza

Najua kuna msomaji anasoma hapa na chupa anayo, na historia anayo. Usiitupe, iweke kwenye mkoba uende nayo. Kidonge simamisha mpaka uonane na daktari wako wa kansa, tamoksifeni au dawa yako nyingine ya homoni usiiguse, endelea nayo. Omba kipimo cha ini hata kama unajisikia mzima. Ukikutwa ALT imepanda zaidi ya mara tatu ya kiwango na unajisikia vibaya, au macho ni ya njano, hiyo ni ya haraka, na ikija kuthibitika ni kohoshi usiirudie tena hata ya kampuni nyingine, maana ini likishaumizwa mara moja la pili huja kasi zaidi.

Kama unatumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, taja klova kwa jina.

Na kama hukumbuki kansa yako ilikuwa ya aina gani, iangalie ripoti ya kipande kilichopimwa, tafuta herufi ER na PR, yaani vipokezi vya estrojeni na vya projesteroni. Ikiwa ni chanya, haya yote yanakuhusu. Hata kansa ya mji wa mimba nyingi ni za kula estrojeni, watu hudhani ni titi tu. Asiye na historia yoyote na ini lake ni zima, akitaka kujaribu kohoshi, Ulaya wanasema isizidi miezi 6 bila kuonana na daktari.

Dada analala vizuri zaidi, joto bado lipo ila sio la kumwamsha kila saa. ALT itarudiwa baada ya miezi mitatu. Juzi kanipigia kuniuliza kama chai ya maua ya klova nayo inahesabika, maana mtu kamwambia chai sio dondoo. Nikamwambia ni kweli haijakolezwa kama kidonge, lakini isoflavoni zake hakuna aliyezipima kwenye kikombe chako, kwa hiyo iandike kwenye orodha ya maswali ya kumuuliza daktari siku ya kipimo. Ameiandika, ni ya pili, ya kwanza ni kuhusu magoti.